Naomba ushauri: kichujio kinagoma kushuka hadi sifuri

Wakuu, habari za Jumapili. Nipo Sinza, natengeneza kifaa cha kupima mkondo wa pampu ya maji. Chipu ni ya biti 8, na usomaji wa biti 12 naulainisha hivi (`y` ni biti 16):

```c
acc = 29491L*y + 16384;
y = (x>>1) + (acc>>15);
```

Hiyo 29491 ni 0.9 kwa kipimo cha 32768. `x` naigawa kwa 2 kwa sababu kichujio hukuza karibu mara 10: 4095 ingefika kama 40950, ikavuka 32767 na kugeuka hasi ghafla. Hilo limetulia.

Kinachonisumbua ni pampu ikizimwa. `x` ni 0, lakini `y` inashuka 7, 6, 5, 4 halafu inaganda. Nimepiga hesabu kwa mkono: 4 × 0.9 ni 3.6, ikikadiriwa inarudi 4. Daima! Si kelele za sensa, ni ukadiriaji wenyewe.

Nikiondoa ile 16384, namba chanya zinafika 0, ila hasi zinaganda kwenye -9, maana `>>` hushusha kuelekea chini (-8.1 inakuwa -9). Na nikitoa ofseti, hasi lazima ziwepo.

Naona njia mbili: kutunza salio la biti 15 na kuliongeza kwenye `acc` duru inayofuata, au kuifanya `y` iwe biti 32. Ya pili itakula muda kwenye chipu hii. Waliowahi kutumia salio, lilitosha? Na kichujio cha daraja la pili je, hakianzi kuyumba chenyewe?