Tupeane uzoefu: neno ulilolisikia vibaya kwenye wimbo, ukalitungia maana

Mama Wawili

Habarini wakuu. Naanza na kisa cha mwanangu wa kiume, kilichotokea akiwa na miaka sita. Nanyi mlete vyenu, vya kwenu wenyewe au vya watoto wenu.

Baba yao anapenda nyimbo za zamani, zile za kulalamika. Upo mmoja wenye kiitikio kinachosema "moyo wangu u taabani". Mwimbaji anakivuta weee, mpaka kinakuwa kamba moja ndefu. Dogo alikuwa akiuimba vizuri tu, wala hakuna aliyegundua kwamba yeye anaimba "moyo wangu utabani".

Sasa sikilizeni hesabu alizopiga. Nyumbani ni kwenye nyumba, ubavuni ni kwenye ubavu. Basi utabani ni kwenye utaba. Na kwa kuwa wimbo unasema moyo ndiko uliko, utaba ni mahali moyo unapokaa. Akajipapasa kifuani, akaukuta ule mfupa wa katikati, akaupa jina. Akikimbia akachoka, anauwekea mkono anasikia unadunda. Ushahidi huo!

Hakuishia hapo. Ukuta ukiwa zaidi ya mmoja ni kuta, utepe ni tepe, kwa hiyo utaba ukiwa zaidi ya mmoja ni taba. Mbavu zake zote zikawa taba.

Kilichomaliza kabisa ni simu. Baba yake mkubwa alipiga kusema "mzee yuko taabani", na kweli babu yao alikuwa amelala na kikohozi kibaya. Dogo kasikia. Kumbe ugonjwa wa babu uko kwenye taba! Tulipokwenda kumwona, akasogea kitandani kwa adabu zote: "Shikamoo babu. Taba zako zimepona?"

Mzee masikio yamechoka, yeye kasikia taabu. Akaguna, akajibu, "Marahaba mjukuu wangu. Taabu haziponi hizo, nitakwenda nazo kaburini." Dogo akatikisa kichwa kwa huzuni. Kwake hilo lilikuwa sawa kabisa, nani anaacha mifupa yake nje ya kaburi?

Tuligundua siku alipoanguka kwenye mpira, akarudi analia kwamba ameumia utaba. Namuuliza utaba ndio nini, ananionyesha. Umeambiwa na nani? Akaimba. Jamani, nilikaa chini.

Nikamweleza kuwa ni "u taabani", maneno mawili, yaani moyo umechoka, una shida. Akafikiri, kisha akaniuliza, "Sasa kama ni taabani, taaba ni kitu gani?" Hapo ndipo nilipokwama. Leteni visa vyenu, na mwenye jibu la dogo alilete.

Kipanga

Hahaha, "taba zako zimepona"! Mdogo wangu yeye alikamatwa na mahabuba. Alisikia "ma" mwanzoni akajua ni wingi, kama maembe. Akawa anasema fulani ana mahabuba wengi lakini habuba mmoja tu ndiye anayempenda. Watu wazima walikuwa wanaelewa kabisa, ndio maana hakurekebishwa mapema.

Binti Shani

Mimi ni huba. Kila wimbo mtu amezama kwenye huba, ametumbukia kwenye huba, anaogelea kwenye huba. Nikajua ni bwawa, tena lenye kina, na kwamba wakubwa wanakwenda huko wawili wawili na hawajui kuogelea. Nilikuwa namwombea dada yangu asiende.

Mzee wa Vina

Binti Shani, chako ni kitamu ila ni cha aina nyingine. Wewe neno ulilisikia sawasawa, maana ndiyo uliyoikosa. Mtoto wa Mama Wawili alianza kwa kukosa neno lenyewe, maana ikafuata.

Binti Shani

Sawa mzee, lakini bwawa ni lilelile, nilizama 😂

Fundi Redio

Mama Wawili, bila kukutisha, umempima masikio huyo mtoto? Akisikia vibaya kwenye wimbo anaweza kuwa anasikia vibaya na darasani.

Mama Wawili

Fundi, huyo ukifungua pakiti ya biskuti chumba cha tatu anakuja. Kwenye maongezi hana shida hata kidogo.

Fundi Redio

Basi shwari. Cha kuangalia ni kama anauliza uliza "nini?" kwenye mazungumzo ya kawaida, au anajibu kitu ambacho hakuulizwa, au anaongeza sauti ya redio kila mara. Kama hayo hayapo, mwache aimbe. Mimi nashughulika na sauti, na rekodi za zamani naziona zinavyofanya. Ngoma na gitaa vikipanda pamoja, herufi kama s, f na t ndizo zinazomezwa kwanza, irabu zinabaki kwa sababu ndizo zinazobeba wimbo. Ila kwa huyu dogo hakuna konsonanti iliyopotea. Kilichopotea ni "a" moja. Mwimbaji akishaanza kuvuta, utajuaje kama hiyo ni "a" moja ndefu au ni "aa" mbili? Hata mimi nisingejua.

Mzee wa Vina

Fundi kasema kweli, na mimi naongeza hapo hapo. Semeni kwa sauti "u taabani", halafu semeni "utabani". Mkazo unaangukia wapi? Kote uko kwenye "ba", silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo sikio halipewi alama yoyote kwamba hapo kati pana mpaka wa maneno. Ingekuwa neno la kwanza lina silabi mbili tatu lingekuwa na mkazo wake, lakini "u" pekee yake haina uzito, inaegemea tu jirani yake.

Halafu jiulizeni, mtoto wa miaka sita hiyo "u" ameisikia wapi? Sisi nyumbani tunasema moyo uko hivi, moyo una hivi. "Moyo u taabani", "mti u mkavu", "yeye yu hai", hizo zimebaki kwa washairi, kwenye vitabu vya dini na kwa wazee. Sikio linatafuta kitu linachokijua. Yeye anajua ubavuni na ukutani, na utabani limeingia pale bila kubisha hodi. Mimi sioni hata kama alisikia vibaya. Alisikia sawa, akakata mahali pasipo.

Chaki Nyeupe

Jibu la swali la dogo ni rahisi. Taabani ni taabu na "ni" ya mahali, kama shida na shidani. Ile "u" imegeuka "a" kwa sababu ya matamshi. Kwa hiyo mwambie hakuna taaba, kuna taabu, naye yuko ndani yake.

Mzee wa Vina

Mwalimu, hapo nusu. Taabu na taabani ni ndugu kweli, wote wametoka Kiarabu, lakini kila mmoja alikuja kivyake. Taabani limeingia likiwa zima na "n" yake, lina maana ya aliyechoka. Sisi tumeongeza "i" tu ya mwisho, sio "ni" ya mahali. Ingekuwa ya kwetu tungesema taabuni, maana "ni" ya mahali haina tabia ya kubadilisha irabu iliyo nyuma yake. Kitabu kinakuwa kitabuni, sio kitabani. Ukikata kila "ni" ya mwisho utatuambia shetani ni ndani ya sheta, na mizani ni ndani ya miza.

Chaki Nyeupe

Haya, lakini mbona tunasema "yuko taabani" kama "yuko nyumbani"?

Mzee wa Vina

Tunasema pia yuko hoi, yuko tayari, yuko macho. Hoi sio mahali.

Chaki Nyeupe

Na "yumo taabani"? Mimi nimeisikia kwa masikio yangu, kwa mtu mzima anayejua Kiswahili. Hiyo "mo" ni ya ndani, mzee, hapo huchomoki.

Mzee wa Vina

Nami nimewahi kuisikia. Labda huyo mtu mzima naye anakata pale alipokata dogo. Hiyo siwezi kuiapia.

Kipanga

Kwa hiyo dogo ana wenzake watu wazima, ila wao hawajaumia utaba.

Mzee wa Vina

Tena wako wengi. Neno kitabu lilikuja kutoka Kiarabu na "ki" yake ikiwa sehemu ya mzizi. Wazee wetu wakaiona inafanana na ya kiti na kisu, wakasema vitabu, na hakuna aliyewapeleka kupimwa masikio. Kilabu tukafanya vilabu. Kipilefti nayo barabarani ilipata vipilefti. Tofauti ni kwamba wao walikubaliana wengi, dogo alikuwa peke yake na babu yake.

Nahodha

Nimesoma haraka haraka. Mimi nilikuwa naimba wimbo wa Kihindi mzima utotoni bila kujua hata neno moja, mpaka leo naujua. Hiyo inaingia humu?

Binti Shani

Haiingii, ila uimbe tukuone.

Mama Wawili

Jamani asanteni. Nimemsomea dogo la shetani na sheta, amecheka mpaka akaanguka. La utaba kama kosa la kukata amelikubali, ila sasa ana dai jipya. Anasema kama utaba sio neno, huo mfupa wa katikati unaitwaje? Baba yake kamwambia kifua. Kakataa, anasema kifua ni pote, yeye anataka jina la mfupa. Na mdogo wake wa kike ameshalishika, jana ananiambia mwanasesere wake ameumia utaba.

Mzee wa Vina

Mwambie kidari.

Mama Wawili

Nimemwambia. Ananiuliza kiko kwenye wimbo gani.

Fundi Redio

Na vidari? Maana huyo lazima ataomba wingi.

Mama Wawili

Ameshaomba, Fundi. Nimemwambia mtu ana kimoja tu, akakimbilia kumhesabia mdogo wake.