Naomba ushauri: mawakala wananiletea wateja au hasara?

Wakuu, habari za leo. Tuna programu ya simu ya kutunza hesabu za duka, ada ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Nikitoa gharama za meseji, makato ya malipo na huduma kwa wateja, zinabaki 6,000.

Kumpata mteja kupitia wakala kunatugharimu 45,000. Kwa wastani wa wateja wote, 10% wanaacha kulipia kila mwezi, yaani mteja anakaa kama miezi 10 na kutuachia 60,000. Kwa juu juu tuko salama. Lakini ukiwatenganisha kwa njia walizoingilia, wa mawakala wanaondoka 15% kwa mwezi: 6,000 ÷ 0.15 ni 40,000, chini ya gharama ya kuwapata! Wanaoletwa na wenye maduka wenzao wanaondoka 4% tu, na zawadi ya aliyemleta ni 15,000. Hesabu inasema watafikia 150,000, ila siiamini sana, maana hiyo ni miezi 25 na biashara yetu bado haijafikisha umri huo.

Shida ni kwamba hao wa pili ni wachache. Nikianza kulipa kamisheni kidogo kidogo kadiri mteja anavyoendelea kulipia, mawakala watanikimbia? Aliyewahi kujaribu anisaidie, tafadhali.