Tupeane uzoefu: bima ya mzigo ukiwa njiani, nani alilipwa na nani alinyimwa?

Robota Mbili (mleta mada)
Wakuu, nauza vitenge na mashuka Mwanza, mzigo natoa Kariakoo. Ukiwa mwingi tunachangia fuso, ukiwa mdogo nautuma kwa basi. Dalali ameniletea hati ya bima nisaini. Ukurasa wa mbele mtamu, ule wa "kampuni haitalipa endapo" unasomeka kwa tochi. Sitafuti bei. Waliowahi kudai waseme mzigo uliharibikaje na wakajibiwa nini.

Muuza Daftari
Mimi nilinyimwa. Madaftari, Januari, Dar kwenda Kahama. Tulipopita Dodoma mvua ikashuka, na turubai lilikuwa limechanika nyuma. Hasara kama milioni 4. Mkaguzi wao aliuliza gari lilipinduka? Liligonga kitu? Nikasema hapana. Barua ikaja kwamba mvua si tukio lililotajwa kwenye hati yangu.

Dalali Mstaafu
Uliuziwa ile ya bei ndogo, inayotaja matukio yake: moto, kugongana, kupinduka. Kisichotajwa hakilipwi, hata kama mzigo umeharibika kweli. Wizi nao huwa unaongezwa kwa makubaliano na kwa pesa zaidi. Ipo bima pana inayolipa hasara yoyote ya ghafla isipokuwa iliyokatazwa, ila nayo ingekusumbua. Wangesema turubai bovu ni ufungaji mbaya, na ufungaji mbaya umo kwenye makatazo karibu ya kila kampuni. Pia usidai nyanya zilizooza zenyewe, wala madaftari yaliyofika shule zimeshafunguliwa. Kuchelewa na kukosa soko hawalipi.

Kwa hiyo piga picha turubai na mzigo kabla gari halijaondoka. Bila picha, utabishana na mtu ambaye hakuwepo.

Tajiri wa Fuso
Mnajisumbua. Fuso likiwa na bima kubwa, mzigo umo humo humo.

Dalali Mstaafu
Hapana mkuu. Bima kubwa inatengeneza fuso lako na kulipa ukuta wa watu ulioubomoa. Mali uliyoibeba ndani ya gari huwa imetolewa kwa maandishi. Wapo wenye malori wanaokata bima nyingine ya kuwajibika kwa mizigo ya wateja. Hiyo muombe akuoneshe, lakini mara nyingi hulipa pale kosa likiwa la mwenye gari.

Sabuni Mbeya
Mimi nililipwa, ila sikufurahi. Lori lilipinduka Kitonga. Mzigo mzima ulikuwa wa milioni 18, zikaharibika sabuni za milioni 6. Nikajua nachukua 6 zangu. Kumbe kiwango cha safari moja nilichoandikisha ni milioni 12, ili ada iwe ndogo. Wakasema umekata bima ya theluthi mbili ya mzigo, nasi tunalipa theluthi mbili ya hasara: milioni 4. Hapo wakatoa asilimia 10 ambayo hati inasema naibeba mwenyewe. Mkononi ikabaki milioni 3 na laki 6.

Na zile katoni zilizobebwa na watu pale bondeni, sikuona hata senti. Mwenzangu wa kampuni nyingine alilipwa za aina hiyo hiyo. Mpaka leo sijui tofauti.

Dalali Mstaafu
Tofauti iko kwenye sentensi moja: kama hati inataja wizi unaofuata ajali. Muulize dalali wako neno kwa neno.

Binti wa Ubungo
Begi langu lilipotea kwenye buti la basi, lina nguo na vyeti. Nadai bima gani?

Robota Mbili
Pole dada, hapa tunaongelea bidhaa za biashara. Wewe anza na mwenye basi, akikuzungusha nenda LATRA. Ila umenikumbusha: risiti yangu ya basi imeandikwa "kwa hatari ya mwenye mzigo". Bima yangu itafika huko?

Dalali Mstaafu
Kama hati imeandika "malori" tu, haifiki. Lazima mabasi ya abiria yatajwe. Na risiti iandike kilichomo na thamani yake. "Kifurushi 1" hakikusaidii kitu.

Dereva Nzega
Tuliibiwa usiku. Mimi nililala gesti, utingo akalala juu ya mzigo. Kampuni ikasema gari liliachwa bila ulinzi. Utingo si mtu?

Tajiri wa Fuso
Utingo aliyelala si mlinzi.

Dalali Mstaafu
Nimeona ikiamuliwa pande zote mbili. Hati nyingi zinadai yadi yenye uzio na mlinzi, nyingine zinasema tu gari "lisiachwe bila mtu". Kama yako ni hiyo ya pili, peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, usiikubali ile barua. Milango ilikuwa imevunjwa?

Dereva Nzega
Turubai lilikatwa na kisu. Picha ninazo.