Uzi wa malalamiko: Alinyosha mkono akazungusha MASTER ya kontrola yangu mbele ya watu

Deki_za_Nyalenda

Wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado ninatetemeka kwa hasira, kwa hiyo mnivumilie. Jina lake sitalitaja, na sioni haja ya kulitaja, kwa sababu kila mtu anayetoka usiku Kisumu, kuanzia Kondele hadi Dunga, anamfahamu bwana yule anayevaa miwani ya jua saa sita usiku. Jana tulipangwa kucheza pamoja, yeye na kontrola na laptopu yake upande wa kushoto wa meza, mimi na zangu upande wa kulia, na sote tukiingia kwenye miksa moja ya fundi wa sauti. Wimbo wangu ulipokuwa ndio kwanza umeingia, bwana huyo alinyosha mkono juu ya kontrola yangu, akashika kidude cha MASTER na kukizungusha hadi mwisho, kisha akasema kwenye maikrofoni, "Poleni, dogo bado anajifunza sauti."

Dogo! Mimi, ambaye nilifika kabla ya viti kupangwa, nikakagua kila wimbo na kuhakikisha kwamba alama zangu za kyu zimekaa mahali pake. Pedi A ilikuwa kwenye pigo la kwanza la utangulizi, na pedi B pale gitaa la benga linapoanza kukimbia, ili nikitaka kuruka moja kwa moja hadi kwenye utamu nisianze kutafuta. Yeye alikuwa amecheza saa nzima huku taa zote zikiwa nyekundu, chaneli nyekundu, master nyekundu, hadi nadhani samaki wa Ziwa Victoria walidhani wavuvi wa omena wameanza kazi mapema. Fundi, ili kuokoa spika zake, alishusha feda kuu ya miksa. Halafu mimi nikaingia na sauti safi, chaneli ikigusa rangi ya njano kwenye mapigo makubwa tu, na bila shaka nikasikika mdogo.

Badala ya kuuliza kwa nini, alinyosha mkono. Nilikuwa na hedifoni sikioni, nikiandaa wimbo unaofuata, na mkono wa mtu mwingine ukapita mbele ya uso wangu ukiwa na pete tatu. Ninauliza: ni nani hugusa kontrola ya mwenzake inapocheza?

Msema_Kweli_Kondele

Pole sana, omera. Nilikuwepo, na ninaweza kuthibitisha kwamba mkono ulinyoshwa. Ila umesahau kusema kwamba watu walishangilia sauti ilipopanda, akiwemo mama aliyekuwa anauza samaki langoni.

Baba_Spika

Ndugu yangu, kosa ni dogo kuliko unavyodhani. Mwenzako akiwa juu, wewe nawe pandisha TRIM mpaka mlingane, mambo yaishe. Nyekundu kidogo haimuumizi mtu. Sauti ikiwa imeharibika, fundi anaishusha kwenye miksa yake na inakuwa safi tena. Mimi nimekodisha vyombo Kakamega kwa miaka mingi na ndivyo tunavyofanya.

Deki_za_Nyalenda

Baba Spika, nakuheshimu, lakini nyekundu ndiyo iliyonifikisha hapa. Na huyo mama wa samaki alishangilia kwa sababu alidhani umeme umerudi.

Fundi_wa_Kike_Nakuru

Baba Spika amesema ukweli nusu. Ni kweli kwamba kontrola hizi mbili zilipaswa kulingana, na kama hazikulinganishwa mapema, hilo si kosa la DJ mmoja peke yake. Lakini sauti iliyokatwa vichwa ndani ya programu au ndani ya kontrola haiponi mbele ya safari. Ukiishusha kwenye miksa, unapata mkwaruzo uleule ukiwa mdogo. Ndiyo maana fundi wenu aliposhusha feda kuu, kelele ya yule bwana ilipungua lakini haikuwa safi, na adhabu ikamwangukia aliyefuata.

Kaka wa Nyalenda, nikuulize jambo moja ambalo hukulieleza. Alipozungusha MASTER yako hadi mwisho, taa nyekundu iliwaka wapi: kwenye kontrola yako, au kwenye chaneli yako ya miksa ya fundi? Ikiwa kontrola ilibaki njano na miksa ndiyo iliyowaka, basi ndani ya laptopu yako muziki ulikuwa mzima na ni mlango wa miksa tu uliofurika. Hapo dawa ni kupunguza GAIN ya chaneli hiyo kwenye miksa, au kurudisha MASTER yako ilipokuwa. Feda haisaidii, kwa sababu inakuja baada ya mlango huo, na sauti inakuwa imeshaharibika inapoifikia.

Deki_za_Nyalenda

Iliwaka kwenye miksa. Kontrola yangu ilibaki njano. Nilimwona fundi akishika kichwa. Na ninarudia, dada yangu, alinyosha mkono bila hata kuniangalia.

Fundi_wa_Kike_Nakuru

Basi muziki wako ulikuwa salama na ni heshima yako iliyoharibiwa. Mimi nikiwa na DJ wawili wenye kontrola mbili, kabla ya watu kuingia ninawaomba wote wawili wacheze wimbo uleule, sehemu ileile, chaneli zao zikigusa njano na MASTER ikiwa pale watakapoiacha usiku kucha. Kila kontrola ninaipa chaneli yake kwenye miksa yangu, kupitia mlango wa LINE na si PHONO, kisha ninarekebisha GAIN ya kila moja hadi vipimo vyangu vilingane. Kontrola mbili za kampuni tofauti huweza kutoa nguvu tofauti kabisa hata taa zake zikionyesha rangi ileile, kwa hiyo kulinganisha taa za DJ kwa DJ ni kujidanganya. Kuanzia hapo anayetaka sauti zaidi ananiambia mimi, na mimi ninayo feda.

Na wakati wa kuunganisha nyimbo mbili, mkumbuke kwamba besi mbili zikikaa pamoja, jumla yake inapanda hata kama kila wimbo uko sawa peke yake. Shusha besi ya wimbo unaoingia, kisha mbadilishane besi kwenye pigo la kwanza. Watu wengi wanaowasha nyekundu huiwasha hapo, kwenye ule muda mfupi wa nyimbo mbili.

Kijana_wa_Milimani

Samahani, mimi nimesoma kichwa cha uzi na nina swali. Kama kila mtu ana laptopu yake, kwa nini hamkubonyeza SYNC tu? Kontrola mbili si zinasikilizana?

Msema_Kweli_Kondele

Zinasikilizana kama mimi na mwenye nyumba wangu.

Deki_za_Nyalenda

Kijana, SYNC ya kawaida inazijua deki zilizo ndani ya laptopu yake mwenyewe. Wimbo wa yule bwana ulikuwa kwenye laptopu nyingine, kwa hiyo ilinibidi nilinganishe kwa masikio. Nilikuwa ninafanya kazi hiyo hasa mkono ulipokuja.

Ohangla_Daima

Hapo kwenye masikio ndipo na mimi nilipoumia, na naomba nieleze yangu. Nilicheza na mwenzangu kwenye harusi huko Siaya, kontrola mbili vilevile. Hedifoni yangu ilikuwa kwenye kontrola yangu, ambayo inanisikilizisha deki zangu tu, kwa hiyo wimbo wake niliusikia kutoka kwenye spika za uwanjani. Sikioni kwangu nililinganisha vizuri kabisa, nikaingia, na kila pigo likasikika mara mbili kama farasi anayekimbia. Mwenzangu alinicheka hadi keki ikakatwa. Mpaka leo sijajua nilikosea wapi.

Fundi_wa_Kike_Nakuru

Spika zilikuwa mbali kiasi gani na meza?

Ohangla_Daima

Labda mita 10.

Fundi_wa_Kike_Nakuru

Sauti hewani husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wake ulikufikia ukiwa umechelewa karibu milisekunde 30, ilhali wako ulikuwa sikioni papo hapo. Uliulinganisha wako na kitu kilichochelewa, na uliposhusha hedifoni tofauti hiyo ikatoka spikani. Omba monita iwekwe karibu na meza, au chomeka hedifoni kwenye miksa inayopokea kontrola zote mbili, kisha bonyeza CUE ya chaneli yake na ya kwako, uzisikie zote kwa njia moja. Usisahau kwamba kwa kawaida hedifoni husikia kabla ya feda, kwa hiyo wimbo kuwa na nguvu sikioni hakukuambii utakuwa na nguvu gani ukumbini. Kipimo ndicho kinachosema.

Baba_Spika

Mimi hutumia sikio moja ndani na moja nje na sijawahi kupata shida hiyo.

Fundi_wa_Kike_Nakuru

Kwa sababu wewe, mzee wangu, huweka spika mgongoni mwako.

Msema_Kweli_Kondele

Tukizungumzia CUE, mbona hakuna anayesema yaliyotokea baadaye? Yule bwana wa miwani alitaka kusikiliza wimbo kwenye hedifoni, akabonyeza CUE ya deki badala ya ile CUE ya hedifoni. Wimbo uliokuwa unacheza ukarudi kwenye alama yake na kusimama. Ukumbi mzima ukanyamaza, naye akasema kwenye maikrofoni kwamba alitaka kutusikia tukiimba.

Deki_za_Nyalenda

Hiyo ndiyo haki. Ila bado alinyosha mkono.

Ohangla_Daima

Tukiwa bado kwenye alama, hili la kwangu ni kubwa kuliko mkono. Rekodi za zamani za benga na ohangla zilipigwa na watu na si mashine, mwendo unapanda na kushuka. Programu inachora gridi iliyonyooka, na nikiwa nimewasha QUANTIZE, kila alama ninayoweka inavutwa kwenye mstari wa gridi badala ya pale ngoma ilipo. Dakika ya tatu alama imekaa mbali kabisa na pigo.

Kijana_wa_Milimani

Zima QUANTIZE, uweke alama kwa mkono.

Ohangla_Daima

Nikizima, kidole changu kinachelewa ninapobonyeza pedi katikati ya onyesho.

Baba_Spika

Afadhali urekebishe gridi, uitie nanga kila mwendo unapobadilika.

Ohangla_Daima

Wimbo wa dakika tisa, mzee? Nitamaliza lini, na nina mkoba mzima wa nyimbo kama hizo? Halafu nimehamisha folda ya muziki kwenye diski mpya, na programu inaniambia faili hazipatikani. Ninahofia kuziingiza upya kama nyimbo mpya, nisije nikapoteza hata alama nilizonazo.

Fundi_wa_Kike_Nakuru

Usiziingize upya. Tafuta sehemu ya kuzielekeza faili zilizopotea mahali zilipo sasa, na kabla ya hapo nakili maktaba nzima pembeni. Unatumia programu gani?

Deki_za_Nyalenda

Jamani, huu ulikuwa uzi wangu.