Naomba ushauri: mdogo wangu kahamishiwa kliniki ya kisukari ya watu wazima, haendi

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu ana miaka 19 na kisukari aina ya 1. Kliniki ya watoto alipewa insulini na vijiti vya kupimia bure, na akikosa tarehe nesi alimpigia. Huku kaja na barua tu. Kliniki ni asubuhi siku za chuo, foleni nzima wazee, vijiti ananunua, hivyo anachoma insulini kwa kukisia. Wastani wa sukari wa miezi 3 umetoka asilimia 8 hadi 11. Nikimsindikiza ananuna, eti namfanya mtoto.

Kuna aliyewahi kuomba madaktari wa pande zote mbili wamwone mgonjwa kwa pamoja, wakakubali? Na nimfuatilieje bila kumkera?