Kama ubaya upo kweli, uko wapi?

Kichwa_Ngumu
Wakuu, swali fupi. Tunasema "dhuluma ni mbaya" kwa uhakika ule ule tunaosema "moto unaunguza". Moto naweza kukuonyesha. Huo ubaya uko wapi? Kuna mwanafalsafa wa Australia, Mackie, anasema haupo popote na sote tunakosea tukiutaja. Nani atamjibu bila kunitishia jehanamu?

BintiPangani
Huyo tulisoma chuoni mwaka wa pili. Anasema kila jamii ina ukweli wake, Mpemba wake na Msukuma wake, usimhukumu mwenzio. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Sioni jipya.

Mwl_Mstaafu
Hapana binti yangu, hapo umemgeuza. Anayesema kila jamii ina ukweli wake anawapa wote maksi. Mackie anawafelisha wote. Kitabu chake cha 1977 kinaanza moja kwa moja kwa kusema hakuna thamani zilizo nje yetu, na hoja yenyewe alishaichapisha tangu 1946.

Msikilizeni vizuri. Mtu akisema "dhuluma ni mbaya" hamaanishi "sisi huku hatuipendi". Anadai kuna kitu kinachomkataza hata yule anayeipenda na asiyeogopa kukamatwa. Mackie anakubali kwamba ndivyo tunavyomaanisha. Anachokataa ni kwamba kitu hicho kipo. Chukueni mwiko wa mayai kwa mjamzito. Aliyesema "mayai ni mwiko" alidai kuna jambo ndani ya yai lenyewe. Halikuwepo, basi kauli zote za mwiko zikaanguka pamoja, za kabila hili na lile. Ndivyo anavyoyaona maadili yetu.

MamaPacha
Mwalimu, shikamoo kwanza. Lakini hapo umenikwaza. Kuua mtu unakulinganisha na mayai? Halafu nani kakwambia mwiko ule ulikuwa uongo? Bibi yangu alikuwa mkunga. Alikataza mayai kwa sababu mtoto akinenepa tumboni mama anateseka, na hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima. Nyie mkishasoma mnadhani wazee walikuwa wanaota.

FundiRedio
Sisi tuliambiwa mtoto atazaliwa kipara. Mke wangu alimaliza trei nzima, mtoto katoka na nywele za kusuka.

MamaPacha
Mkeo alijifungulia hospitali, chumba cha upasuaji kiko pembeni. Usilete utani kwenye mambo ambayo hukuyalilia.

Nesi_wa_Zamu
Kliniki tunawahimiza wale mayai, wanahitaji protini. Tafadhali asije mtu akasoma humu akamnyima mkewe.

MamaPacha
Sijasema wasile! Nimesema bibi alikuwa na sababu. Someni kabla ya kujibu.

Kichwa_Ngumu
Nimeuliza kuhusu wema na ubaya, tuko ukurasa wa pili na trei za mayai.

Mwl_Mstaafu
Marahaba MamaPacha. Umenisaidia kuliko unavyodhani, na bibi yako namvulia kofia. Angalia sababu yake inavyofanya kazi: usile mayai *ikiwa* unaogopa uzazi mgumu. Sababu hiyo inapitia kwenye hofu ya mama. Iondoe hofu, mlete mtu asiyejali kabisa, na sababu haina pa kushika. Hizo Mackie hana ugomvi nazo. Fundi akikwambia tumia waya mnene, maana yake ni kama hutaki nyumba iungue.

Sasa "usidhulumu" haina "ikiwa". Inamfuata hata asiyejali. Hapo ndipo anaposema kitu cha namna hiyo kingekuwa kioja, kisichofanana na chochote kingine tunachokijua. Jiwe lina uzito, lakini halikuamrishi. Maji yana joto, hayakusuti. Ghafla uniambie kuna kitu kingine ulimwenguni ambacho, kwa kuwepo tu, kinadai utii. Na tungekijuaje? Kwa jicho, sikio, pua? Ungehitaji mlango wa fahamu wa peke yake.

SheheMdogo
Mwalimu, mjadala huu kwetu ni wa zamani kuliko Australia kujulikana. Husni na kubuhi, yaani uzuri na ubaya wa matendo. Wanatheolojia wa Kiislamu wa Mu'tazila walisema akili inauona ubaya ndani ya kitendo chenyewe. Wapinzani wao, Ash'ari, wakasema hapana, kibaya ni kile Mola alichokikataza. Kioja kinaisha hapo: anayeamrisha yupo, basi amri si ya ajabu.

Kichwa_Ngumu
Nilijua tu jehanamu itafika. Alikataza dhuluma kwa sababu ni mbaya, au ni mbaya kwa sababu alikataza?

SheheMdogo
Hilo ndilo walilogombania, ndugu yangu, hujanikamata. Nimesema nani alisema nini.

Mwl_Mstaafu
Na Mackie, ambaye hakuamini Mungu, aliandika kwamba kama thamani za namna hiyo zingekuwepo, zingefanya kuwepo kwa Mungu kuwe na uwezekano mkubwa zaidi. Kwa hiyo shehe na yeye wanaona mlango ule ule, mmoja anaingia, mwingine anaufunga.

FundiRedio
Mimi falsafa sijui, nina kisa. Mwaka jana niko kibandani, simu ikalia, elfu themanini imeingia. Jina la mama mmoja simjui. Baada ya dakika tano anapiga analia, kakosea tarakimu ya mwisho, ilikuwa ada ya mtoto. Hakuna aliyeniona. Kodi ya banda nadaiwa. Lakini ile hela ilinichoma mfukoni kama kaa la moto. Nikarudisha. Sasa mwalimu, kilichonichoma kilikuwa nini kama hakipo?

Kaka_Mkuu_07
Usiwahi kurudisha mwenyewe! Huo ndio mchezo wa matapeli, wanatuma ujumbe wa uongo halafu wanakupigia wakilia. Piga huduma kwa wateja muamala urudishwe na wao.

FundiRedio
Niliangalia salio kabla, mkuu. Ilikuwepo. Mimi ni fundi wa simu.

Mwl_Mstaafu
Kisa kizuri, tukifungue kama redio. Juu ya meza kuna nini? Ujumbe kwenye simu. Tarakimu moja iliyokosewa. Shilingi 80,000. Mama analia, mtoto anasubiri ada, wewe una deni la kodi, na moyo wako unakusuta. Vyote hivyo Mackie anavikubali, pamoja na huo moto mfukoni. Kwake moto huo ni malezi yako na huruma yako, unautupa nje halafu unadhani umeukuta kwenye hela. Anachouliza ni hiki: baada ya kuorodhesha vyote, je, kuna kimoja tena kilichobaki, "inapaswa irudishwe", kinachomdai hata jambazi asiyechomwa na lolote?

BintiPangani
Nimekubali nilichanganya. Lakini hapo naona hila. Kwa nini kiwe kimoja *tena*? Mwili wangu una damu, joto, mapigo, usingizi. Ukimaliza kuorodhesha, utaniuliza "na afya iko wapi, mbona siioni mezani?" Afya si kitu cha pembeni, ni hivyo vyote vikiwa katika mpangilio fulani. Dhuluma vivyo hivyo: ni mama kuumia, uaminifu kuvunjika, mtoto kukaa nyumbani. Inaonekana mchana kweupe, haihitaji pua ya sita.

Mwl_Mstaafu
Hiyo ndiyo njia bora ya kumjibu, na wapo wanaoishikilia hadi leo. Lakini ina gharama yake. Afya inamdai nani? Anayetaka kuishi. Mlevi akisema "sitaki afya", daktari amebakiwa na kusikitika. Ukiifanya dhuluma iwe kama afya umeondoa kioja, ila umerudi kwenye "ikiwa". Mama mmoja mwanafalsafa wa Uingereza, Foot, aliimeza gharama hiyo mwaka 1972, akasema maadili yote yana "ikiwa" ndani yake. Watu wakamjia juu.

BintiPangani
Mimi siimezi. Jambazi anadaiwa atake asitake. Na kuna kitu mnakipita. Mwalimu, wewe unaamini tunapaswa kukubali hoja ikiwa na ushahidi?

Mwl_Mstaafu
Naam.

BintiPangani
Hata mtu asiyejali ukweli?

Mwl_Mstaafu
Unanipeleka mahali.

BintiPangani
Basi hiyo "tunapaswa kuamini" nayo haina "ikiwa". Nayo haina uzito wala joto. Kama kioja kinatosha kuua "usidhulumu", kinaua pia "mwamini Mackie". Mtu huwezi kukata tawi ulilokalia halafu ukatuita tuje kutazama unavyoruka.

FundiRedio
😂😂 Mwalimu kakamatwa.

Mwl_Mstaafu
Nimebanwa, sijakamatwa. Kuna Mswidi, Olson, anayeitetea nadharia hii, na yeye anakubali yote mawili: hakuna sababu za namna hiyo za kutenda wala za kuamini. Anasema hoja inaweza kuwa kweli bila kukudai uiamini. Mvua ikinyesha, imenyesha, ukubali usikubali.

BintiPangani
Hoja isiyonidai chochote naipokea kama salamu za redioni.

Kichwa_Ngumu
Mimi niko na Mackie. Maana yake basi, kumuua mtu ruksa.

Mwl_Mstaafu
La! "Ruksa" nayo ni neno la maadili. Ukisema mwiko haupo, hujasema mayai yamebarikiwa. Kakwambia sanduku ni tupu, wewe unatoka na zawadi.

MamaPacha
Tena mayai.

Nesi_wa_Zamu
FundiRedio, swali. Ulirudisha elfu themanini kamili, au ulikata makato ya kutuma?

FundiRedio
Nilikata makato. Mimi sikumwita.

Kaka_Mkuu_07
Sahihi kabisa. Kosa la kwake, gharama ya kwake.

MamaPacha
Mama wa watu analia ada ya mtoto, wewe unamkata elfu na kitu? Na unatuhadithia umechomwa!

SheheMdogo
Ile ilikuwa amana mkononi mwake. Gharama ya kuirejesha ni ya mwenye mali. Sioni kosa.

Kichwa_Ngumu
Shehe, kwa heshima, hapana. Aliyeshika simu ni Fundi, mwenye shida ni yule mama. Kumkata maskini hela ya ada ni dhuluma tu, hata uipake rangi gani.

BintiPangani
Kichwa_Ngumu, dhuluma ipi? Nionyeshe ilipo.

Kichwa_Ngumu
Mackie mwenyewe kwenye kile kitabu, baada ya sura ya kwanza, anaendelea kujadili tuishi vipi. Naruhusiwa.

BintiPangani
Unaruhusiwa na nani?

FundiRedio
Jamani yalikuwa makato ya kawaida. Na nilimpigia kesho yake, akashukuru, akasema mtoto kaingia darasani.

MamaPacha
Angefanyaje asikushukuru? Mtumie yake.