Kuthibitisha ln(1+x) > 2x/(2+x): nitoe moja kwa moja, au nifute sehemu kwanza?

Njoro_Mgeni
Hamjambo jameni. Niko mwaka wa kwanza chuoni na swali langu ni hilo hapo juu, kwa kila x iliyo zaidi ya sifuri. Njia A: natoa kama ilivyo, D(x) = ln(1+x) − 2x/(2+x), kisha natazama derivativu kama D inapanda. Njia B: nazidisha kwanza kwa (2+x) ili sehemu iondoke, nabaki na E(x) = (2+x)ln(1+x) − 2x. Mwenzangu wa chumbani anaapa kwa B. Ipi haina mateso?

Kondele_Kwetu
B. Sehemu ni ugonjwa. Tena huhitaji mengi: onyesha derivativu ya kushoto inazidi ya kulia, basi umemaliza.

MstaafuMaseno
Hapo mwisho umevuka mto bila daraja, ndugu. Derivativu inakwambia nani ana kasi, haikwambii nani yuko mbele. Chukua x − 5 na x/2. Ya kwanza ina kasi maradufu, lakini kwenye x = 1 iko −4 na mwenzake yuko 0.5. Matatu iliyochelewa kutoka stendi ya Kisumu inaweza kukimbia itakavyo, na bado ikawa nyuma ya nyingine hadi Luanda. Kwa hiyo mstari wa kwanza uwe D(0) = 0. Wengi huusahau.

Sasa A. D'(x) = 1/(1+x) − 4/(2+x)². Ukiweka chini ya asili moja, juu panabaki (2+x)² − 4(1+x), na hiyo ni x² tu. Yaani

D'(x) = x² / ((1+x)(2+x)²)

Ni chanya kwa kila x > 0. D inaanza sifuri na inapanda, basi iko juu ya sifuri. Kwamba D'(0) ni sifuri hakuharibu kitu, maana ni pale mwanzoni tu.

B nayo: E'(x) = ln(1+x) + (2+x)/(1+x) − 2. Umeona? Logi ingali imekaa. Itabidi uchukue derivativu tena, E''(x) = x/(1+x)², uthibitishe E'(0) = 0, ndipo ushuke hadi E. Si kosa, ila ni ghorofa mbili. Logi ikisimama peke yake, derivativu moja inaifuta. Ukiizidisha na kitu chenye x, inabaki.

MamaB_Bungoma
Shikamoo mwalimu. Kijana wangu yuko kidato cha nne, hizo logi za derivativu hawajafika. Lakini kwa nini msiweke namba tu? Nimejaribu 0.01 na pande zote mbili zimenipa 0.009950. Si ni sawa basi?

MstaafuMaseno
Marahaba mama. Desimali sita hazitoshi hapo. Karibu na sifuri pengo ni kama x³/12, kwa hiyo kwenye 0.01 ni takribani 8 juu ya milioni mia moja. Na hata ungeliona, ungekuwa umejua x moja tu.

Kijana mpe hii: x³ + 16 ≥ 12x, kwa x kuanzia sifuri. D = x³ − 12x + 16, derivativu yake 3x² − 12. Inashuka hadi x = 2, kisha inapanda, na D(2) = 0. Hapa cha kushika ni bonde. Mwanzoni D ni 16, haitusaidii chochote. Mwulize pia kwa nini inavunjika x ikiwa chini ya −4.

FundiKakamega
Mimi nasema kuzidisha si kubaya daima. e^x > 1 + x + x²/2, kwa x > 0. Ukitoa tu, unachukua derivativu mara mbili na zaidi. Zidisha kwa e^(−x), uweke h(x) = 1 − (1 + x + x²/2)e^(−x). Derivativu ni (x²/2)e^(−x), na h(0) = 0. Mara moja.

Kondele_Kwetu
Sawa, lakini nani atakumbuka ujanja huo kwenye mtihani? Kurudia derivativu hakuhitaji kubahatisha. Bado niko B.

Njoro_Mgeni
Asanteni, A imekubali. Swali linalofuata ni ln(1+x) < x/√(1+x). Nimetoa, nikapata derivativu yenye 1 + x/2 − √(1+x) juu, chini ni chanya. Nimekwama. Nirudie derivativu?

MstaafuMaseno
Usirudie. Pandisha 1 + x/2 kwenye kipeo cha pili, ulinganishe na 1 + x.

Njoro_Mgeni
Aa. Imezidi kwa x²/4.